Unga wa Kijani Kwenye Kopo la Mlonge

BARUA

Mshauri, pokea salamu zangu.

Nina miaka 33, naishi Kahawa West na mume wangu na mtoto wetu wa Gredi ya 2. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa ng'ambo, zamu ya usiku. Mwaka juzi matatu niliyopanda iligonga lori, na tangu hapo mgongo haujawahi kuwa sawa. Hospitalini walinipa tramadol, ikawa inanitia kizunguzungu, nikaiweka kando.

Mwaka jana mwenzangu kazini alinionjesha unga wa majani unaoitwa kratom. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya vuguvugu, nikakesha bila kusinzia, maneno yananitiririka, mgongo kimya. Nilimshukuru Mungu. Siku hizi natumia vijiko vinne, asubuhi, jioni na usiku, na ule uchangamfu siuoni tena. Natumia ili niwe sawa tu. Nikichelewa, kamasi zinaanza, napiga miayo, miguu haitulii kitandani, tumbo linaendesha. Nikitumia, choo kinafunga. Mgongo ukizidi, naongeza kidonge cha tramadol kilichobaki.

Mume wangu anadhani ni mlonge kwa sababu nimeutia kwenye kopo la mlonge. Kaka yake aliharibiwa na heroini kule Mombasa, na kwetu jambo hilo halitajwi. Tena tunatafuta mtoto wa pili.

Sasa mwenzangu anataka tuchange pesa watu wanne, tuagize kilo kumi kutoka Indonesia tuwauzie watu wa zamu za usiku, pamoja na vidonge vidogo anavyosema vina nguvu zaidi. Anasema ni halali: Thailand wameruhusu, Marekani inauzwa hadi kwenye vituo vya mafuta, na Umoja wa Mataifa haujaipiga marufuku. Nimeshamwahidi. Je, hii ni dawa ya kulevya au ni mitishamba tu? Niiache ghafla? Nimwambie mume wangu? Na hiyo biashara?

Mkesha, Kahawa West

JIBU

Dada Mkesha,

Nitaanza na kitu ambacho wewe umekitaja kwa kupita tu: kile kidonge cha tramadol. Vilivyobaki vipeleke kwenye duka la dawa ili viharibiwe, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili ikiwezekana. Tramadol inapoingia mwilini huchakatwa na kimeng'enya fulani kwenye ini, na kratom hukizuia kimeng'enya hichohicho. Matokeo yake ni kwamba tramadol hubaki kwenye damu ikiwa nyingi na kwa muda mrefu kuliko daktari wako alivyokusudia, na tramadol ikizidi huweza kumwangusha mtu kwa kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Isitoshe, vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua. Pombe na dawa za usingizi ziko kwenye fungu hilohilo. Siku yoyote mtu akikuta unapumua polepole mno, midomo imebadilika rangi au huamki ukiitwa, hiyo ni safari ya hospitali bila kungoja kukuche, na anayekupeleka aseme umetumia nini. Hospitali ina dawa ya naloxone inayoweza kuzindua mtu aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni, na kwa kratom pia inafaa kujaribiwa.

Sasa tuje kwenye unga wenyewe. Kratom ni mti mrefu wa Asia ya Kusini Mashariki, wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa ule unaolimwa Kiambu. Kusini mwa Thailand na kaskazini mwa Malaysia, wagema mpira, wavuvi na wakulima wametafuna majani yake mabichi vizazi na vizazi ili wahimili jua na kazi ndefu. Ukimsikiliza mwenzako akikwambia hii ni miraa ya Waasia, hajakosea kabisa. Ila amesimulia nusu ya kwanza tu.

Miraa humchangamsha mtu, basi. Kratom ina pande mbili. Ndani ya jani mna kemikali nyingi, na kubwa kuliko zote huitwa mitrajinini. Kwa kiasi kidogo, tuseme kati ya gramu 1 na 5 za unga mkavu, wengi huhisi ule uchangamfu uliouandika: macho makavu, ulimi mwepesi, hamu ya kazi. Kiasi kikipanda kuelekea gramu 5 hadi 15 kwa mara moja, upande wa pili ndio hutawala, yaani maumivu kufa ganzi, mwili kulegea, choo kufunga. Mitrajinini hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini na heroini, na ini nalo huibadilisha sehemu yake kuwa kemikali nyingine inayovishika kwa nguvu zaidi. Tofauti ni kwamba mofini hufungua bomba lote, ilhali mitrajinini hulifungua nusu. Ndiyo maana mtu anayetumia kratom peke yake kwa nadra huacha kupumua kama wa heroini. Lakini bomba la nusu likiachwa wazi mwaka mzima, nyumba itajaa maji vilevile.

Kijiko cha chai kilichofutwa juu hubeba gramu 2 na ushei za unga huu. Kijiko chako cha kwanza kilikuwa upande wa uchangamfu. Vijiko vinne ni gramu 8, na vikijazwa ni 9 au 10. Kwa hiyo wewe hukuupoteza uchangamfu kwa sababu unga umechakaa, na kuongeza kijiko cha tano hakutaurudisha. Umevuka ukaingia upande mwingine wa jani, na mwili umezoea kuwa huko. Kamasi, miayo, miguu isiyotulia na tumbo kuendesha, kwa mpangilio huohuo ulioueleza, ni dalili ambazo mhudumu yeyote aliyewahi kukaa na waraibu wa heroini anazitambua. Pwani wanaiita arosto. Yako ni nyepesi kuliko ya heroini, lakini chanzo ni kilekile.

Umeniuliza kama ni dawa ya kulevya au mitishamba. Nadhani hapo ndipo ulipojifungia, dada. Kasumba nayo ni utomvu wa ua, tumbaku ni jani. Wewe umekuwa ukijiambia kwamba kitu kikiwa cha kijani na kimetoka mtini, basi hadithi ya shemeji yako haikuhusu. Na ukikubali kwamba inakuhusu, unaogopa itabidi ujiite jina analoitwa yeye. Haibidi. Mwili unaweza kutegemea dawa bila maisha ya mtu kuporomoka. Wewe bado unakwenda kazini, bado mtoto anapelekwa shule. Hilo linakupa nafasi nzuri ya kujipanga, ingawa halibadilishi kemia.

Kuhusu kuacha ghafla, wapo wanaofanya hivyo. Dalili huanza ndani ya siku ya kwanza, hukolea siku mbili tatu zinazofuata, na kwa wengi hupungua baada ya wiki moja, ingawa usingizi na hali ya moyo huchelewa kurudi. Kinachowarudisha wengi kwenye kopo ni ile siku ya tatu, ambapo huna usingizi, maumivu ya zamani yamerudi na mapya yamejiunga. Kwako wewe mwenye mgongo mbovu na kazi ya kusikiliza wateja wenye hasira hadi alfajiri, ningeangalia kwanza njia ya kupunguza polepole, ukiwa na mhudumu wa afya.

Jambo la kwanza katika njia hiyo ni kuacha kijiko. Kijiko hudanganya: leo umekifuta, kesho umekijaza, na mzigo mpya wa unga una ukali wake. Nunua mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma gramu na nukta moja, upime kwa wiki moja unachotumia sasa bila kupunguza chochote, uandike. Tuseme unakuta ni gramu 27 kwa siku. Unatoa sehemu moja ya kumi, unabaki na 24 na ushei, unaigawa mara tatu kwa saa zilezile, unakaa hapo wiki nzima. Ukiona mwili umetulia unatoa tena sehemu ya kumi ya kiasi kipya, unakaribia 22. Kwa mwendo huo, baada ya wiki kumi ungali kwenye gramu 9 hivi. Ndiyo, ni polepole, na hapo katikati kuna wiki utalazimika kusimama bila kushuka. Watu wengi huniambia gramu za mwisho ndizo ngumu, kwa hiyo usishangae safari ikikwama ukiwa karibu kufika. Dalili ya kwamba unashuka haraka mno ni kuanza kuvizia dozi ijayo saa mbili kabla ya wakati wake.

Ugumu wa njia hii ni kwamba inahitaji unga uendelee kuwepo nyumbani, na unga wenyewe hujui una nini. Nitalirudia hilo nikifika kwenye biashara. Njia nyingine ni daktari kuchukua usukani wote. Kwa waliozama zaidi, madaktari wa nchi mbalimbali wametumia buprenofini, dawa inayokalia vipokezi vilevile kwa utulivu, kisha huipunguza wao wenyewe. Hapa Nairobi unaweza kuanzia Hospitali ya Mathari, au upige 1192, namba ya bure ya NACADA, wakuelekeze mahali pa karibu. Usishangae ukimkuta muuguzi ambaye hajawahi kulisikia jina kratom. Nenda na paketi, na useme hivi: "Natumia majani yanayofanya kazi kwenye vipokezi vya afyuni, gramu kadhaa kwa siku, tangu mwaka jana, na nikikosa napata arosto." Atakuelewa. Usimwachie kipimo cha mkojo kiseme kwa niaba yako, kwa sababu kipimo cha kawaida cha mofini na heroini hakiioni kratom. Karatasi itasema uko safi, nawe utarudi nyumbani ulivyokwenda. Mwombe pia akupime ini. Si wengi wanaoumia huko, lakini wapo. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ngozi ikiwasha bila upele, unga husimama siku hiyohiyo na unakwenda hospitali.

Na mgongo? Umeniandikia kana kwamba mgongo ni kisingizio. Mimi naona ndio mzizi. Tangu uiweke tramadol kando, hakuna aliyeushughulikia mgongo wako isipokuwa mwenzako wa kazini na kijiko chake. Ukipunguza unga bila kuutafutia mgongo mtaalamu wa mazoezi ya viungo na dawa ambayo daktari ameichagua akijua unatumia kratom, maumivu yatakurudisha. Waambie wazi kwamba tramadol haikukubali, na kwa sasa si ya kuchanganywa.

Suala la mtoto linabana muda, kwa hiyo nitalisema bila kuzunguka. Wameshazaliwa watoto wenye arosto kwa sababu mama alitumia kratom ujauzito mzima: hulia bila kunyamaza, hutetemeka, hunyonya vibaya, na baadhi wametibiwa kwa mofini kidogo kidogo wodini. Upande wa pili, mjamzito mwenye mwili uliozoea dawa za jamii hii hashauriwi kuacha ghafla akiwa peke yake, kwa sababu msukosuko huo nao unaweza kumsumbua mtoto tumboni. Kwa maneno mengine, ni rahisi zaidi kushuka kabla ya kushika mimba kuliko baadaye. Huenda tayari umeshika. Pima wiki hii, maana jibu litabadilisha ushauri wa daktari. Kama bado, kusogeza mbele miezi michache kwa uzazi wa mpango ni chaguo la kufikiria. Ila hilo nalo linakuleta mlangoni kwa mume wako, kwani kutumia uzazi wa mpango kwa siri huku yeye anahesabu siku ni kopo la pili la mlonge.

Tuingie kwenye biashara na ule "uhalali" wa mwenzako. Mambo matatu aliyokutajia yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanavutia.

Thailand ilipiga marufuku mti huu kwa sheria ya mwaka 1943. Enzi hizo serikali yao ilikuwa ikipata mapato kutokana na kasumba, na watu walioshindwa na bei ya kasumba walikuwa wakihamia kwenye majani ya kratom waliyoyakuta nyuma ya nyumba. Wanahistoria wengi wanaiona marufuku ile kama ulinzi wa hazina kuliko wa afya. Wakulima waliendelea kutafuna, polisi wakaendelea kukamata, hadi Agosti 2021 nchi ilipouondoa mti huo kwenye orodha ya mihadarati. Lakini sheria waliyoitunga mwaka uliofuata ili kuusimamia inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18, mjamzito na mama anayenyonyesha. Yaani kwenye nchi hiyohiyo anayoisifu mwenzako, mwezi ambao wewe utapata mimba ndio mwezi ambao muuzaji atavunja sheria akikuuzia.

Jirani yao Malaysia, ambako mti huota wenyewe, wanaitia mitrajinini chini ya Sheria ya Sumu ya 1952, na kuuza majani ni kosa. Singapore imeiweka kwenye daraja la juu kabisa la mihadarati. Mtu wa kwetu akipitia uwanja wao wa ndege na paketi kwenye begi, kusema "Thailand wameruhusu" hakutamsaidia kitu. Marekani, idara ya kupambana na mihadarati ilitangaza mwaka 2016 kwamba ingeipiga marufuku, wananchi wakapiga kelele, ikaurudisha mpango huo nyuma ndani ya miezi michache. Tangu hapo kila jimbo limeamua lake: jimbo hili unaipata kituo cha mafuta, lile la jirani unafungwa. Na Shirika la Afya Duniani liliiangalia mwaka 2021, wataalamu wake wakasema ushahidi haujatosha kuanzisha hatua kamili za kuidhibiti kimataifa, iendelee kufuatiliwa. Hiyo ndiyo maana ya "Umoja wa Mataifa haujaipiga marufuku". Hawakusema ni salama.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Asia kuelewa jambo hili. Miraa inayochumwa Meru asubuhi na kuliwa Eastleigh jioni ni zao halali hapa. Vuka mpaka uingie Tanzania, ni mihadarati. Uingereza ilikuwa ikiipokea kwa ndege hadi mwaka 2014, kisha ikaifunga, na wakulima wa Igembe wanajua bei ilivyofanya. Jani halikubadilika. Kinachobadilika ni nani analilima, nani anapata kodi, ni jamii gani inalitumia, na serikali inaogopa nini mwaka huo. Kwa hiyo ukiniuliza kama kratom ni halali, nitakujibu kwa kukuuliza: wapi, katika umbo gani, na unaiuza ukisema inatibu nini?

Kwa hapa kwetu, hata jina la mti lisipotajwa kwenye sheria yoyote ya mihadarati, anayeuza kitu akisema kinaondoa maumivu au usingizi anauza dawa, na dawa husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ofisi zao ziko Barabara ya Lenana. Unaweza kwenda kuuliza ukiwa na paketi mkononi, kabla shilingi yako haijatoka. KEPHIS nao wana masharti yao kwa kinachotokana na mmea kikiingia nchini, na forodha watataka kujua ni nini. Muulize mwenzako ataandika nini kwenye karatasi ya mzigo. Wauzaji wengi wa nje hubandika maneno kwamba bidhaa si ya matumizi ya binadamu, ili mambo yakiharibika lawama iwe kwa aliyekunywa. Mzigo ukiandikwa rangi au unga wa urembo, nanyi mkauza wa kunywa, mchango wenu wa watu wanne umegeuka kesi ya watu wanne.

Lakini hata tukiweka sheria pembeni, kuna kilichomo ndani. Mwaka 2018 Marekani watu 199 waliugua salmonela kutokana na bidhaa za kratom, kwa sababu majani hukaushwa na kusagwa bila usafi anaoufikiria mnunuzi. Sweden nayo, karibu mwaka 2010, watu tisa walikufa katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja kwa unga uliouzwa kama kratom kwa jina "Krypton". Maabara ilikuta umechanganywa na kemikali ya nguvu itokanayo na tramadol. Walioununua walidhani wanatumia majani. Nani kati yenu wanne atajua kama kilo ya sita iko hivyo?

Vile vidonge vidogo ndivyo vinanitia hofu zaidi. Mara nyingi paketi yake husomeka 7-OH. Hiyo ni ile kemikali kali niliyosema ini hutengeneza kidogo. Kwenye jani lenyewe ni chembe tu, haifiki asilimia 2 ya kemikali za aina yake. Kuikusanya kwenye kidonge ni kutengeneza kitu ambacho wagema mpira hawakuwahi kukitafuna. Julai 2025 hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo imevutana na kratom kwa miaka mingi, ilipendekeza kuidhibiti 7-OH iliyokolezwa kama mihadarati huku ikisema hailengi jani la asili. Ukivikubali kwenye mzigo, hoja ya "mitishamba" inakuwa imekwisha.

Nayaelewa mazuri ya mpango huo pia. Mshahara wa zamu ya usiku haukui, soko liko palepale kwenye meza za jirani, na ukijitoa unaweza kumpoteza anayekuletea unga unaohitaji kushuka nao. Hilo la mwisho lifikirie kwa makini, kwa sababu muuzaji mwenye kilo mbili na nusu chini ya kitanda hashuki; sijaona aliyeweza. Umeahidi kwa mdomo, hujatoa pesa. Unaweza kumwambia unataka kwanza majibu ya Bodi, na uone atakavyolipokea.

Kuhusu baba watoto, unachohofia ni kwamba akisikia neno lolote linalofanana na heroini ataona kaka yake. Huenda ataona hivyo. Lakini mtu aliyemwangalia ndugu yake akiharibika anajua kamasi na miayo vinamaanisha nini, na wewe unapiga miayo nyumba moja naye. Je, una hakika hajui kitu? Ukimya wa watu wawili mara nyingine huwa ni kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Unaweza kumwambia peke yenu, mtoto akiwa shuleni, ukianza na mgongo, kwa sababu ndipo ilipoanzia kweli. Hatari yake ni hasira ya siku ya kwanza, na huenda ikaelekea zaidi kwenye lile kopo kuliko unga wenyewe. Unaweza kwenda kwanza kwa mhudumu wa afya, upate mpango ulioandikwa, kisha umwite asikie mbele ya mtu asiye wa ukoo, hapo utakuwa na jibu akikuuliza "sasa tunafanya nini?", ingawa anaweza kuumia kwamba wa nje walijua kabla yake. Au unaweza kunyamaza ushuke kimya kimya, na wapo wanaofaulu, ila utakuwa na usiku mbaya bila maelezo, mizani iliyofichwa, na mazungumzo ya mtoto yakiendelea juu yake. Kama una sababu yoyote ya kuogopa kupigwa, nilichosema kinabadilika: anza na mhudumu, na mtu wa kwenu ajue siku na saa utakayozungumza.

Vyovyote utakavyochagua, andika kwenye karatasi namba ya mtu unayemwamini, jina la unachotumia na gramu zake, uiweke ndani ya pochi. Na lile kopo, hata kabla hujasema neno, litoe jikoni. Mtoto wa Gredi ya 2 anafika kwenye rafu, na mlonge anaujua.